Kuiweka printa ya wino isiyotumika mara kwa mara bila matundu kuziba

Printa nyingi za wino zinazofika kwa fundi zikiwa zimeziba hazikuchoka kwa kazi. Zilikaa tu, tena zikiwa na wino wa kutosha. Matundu yanayorusha wino kwenye karatasi ni madogo mno, kipenyo chake ni mikroni 10 hadi 30 hivi, wakati unywele wa mtu hufika mikroni 70 au zaidi. Wino wenyewe sehemu kubwa ni maji. Maji yakipotea kidogo kidogo kupitia matundu hayo, inabaki rangi pamoja na vimiminika vizito vilivyochanganywa humo, na mchanganyiko huo huganda pale pale mdomoni mwa tundu.

Kinachozuia hali hiyo ni kipande kimoja cha mpira. Printa ikizimwa, kichwa cha kuchapia hurudi pembeni, mara nyingi upande wa kulia, na kukalia kifuniko kidogo cha mpira chenye sponji ndani. Kingo za mpira huo zikikumbatia kichwa sawasawa, hewa ya ndani hubaki na unyevu na wino haukauki haraka. Zikiacha upenyo mdogo tu, wiki chache zinatosha kuziba matundu. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini ina kazi moja: kuhakikisha kichwa kimefunikwa, na kifuniko chenyewe kinafunika kweli.

Nimewalenga zaidi wenye printa za matangi, zile za kujaza wino kwa chupa, na printa nyingine ambazo kichwa chake ni sehemu ya mashine. Huko ndiko kuziba kunakouma, maana kichwa kipya mara nyingi hugharimu karibu sawa na printa nzima. Printa ambazo kichwa kimejengwa ndani ya katriji zina nafuu yake, nitazigusia baadaye.

Kwanza, acha kuizimia ukutani

Tabia hii huua printa nyingi. Mtu amemaliza kuchapa, anazima swichi ya ukutani au ya kebo ya soketi nyingi, na kila kitu mezani kinazimika kwa pamoja. Kama kichwa kilikuwa bado njiani, kinabaki hapo hapo kikiwa wazi. Kwa macho hutaona tofauti yoyote, kwa sababu mfuniko wa printa umefunga vizuri.

Bonyeza kitufe cha printa yenyewe. Taa itamweka, utasikia kichwa kikitembea kwenda pembeni, kisha mlio mfupi wa kifuniko kupanda na kukibana. Subiri taa izime kabisa. Baada ya hapo ndipo unaweza kuzima ukutani ukitaka. Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, washa printa mara umeme unaporudi, iache itulie, kisha izime kwa kitufe chake, hata kama huna cha kuchapa siku hiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu swichi ya ukutani. Baadhi ya printa, zikiwaka baada ya kukosa umeme, hujisafisha zenyewe kabla ya kufanya chochote, na kila usafishaji hunyonya wino kutoka kichwani na kuumwaga kwenye pedi ya wino taka. Anayezima ukutani kila siku anaweza kujikuta anamwaga wino mwingi kuliko anaochapia.

Kama upo nyumbani au ofisini: ukurasa mmoja kwa ratiba

Ikiwa unaweza kuifikia printa, usiihifadhi. Ichapishe. Watengenezaji wengi hushauri angalau mara moja kwa mwezi. Mimi ningesema kila wiki mbili, na kila wiki kama chumba ni kikavu au kinapigwa na kiyoyozi mchana kutwa. Weka kikumbusho kwenye simu, kwa sababu printa haitakukumbusha.

Unachochapa kina maana kubwa. Ukurasa wa barua kwa wino mweusi hutumia mweusi peke yake, na rangi tatu zinabaki zimelala kama kawaida. Ndiyo maana printa ya ofisi inayochapa barua kila siku inaweza kushangaza watu siku ya kuchapa bango: mweusi uko imara, njano imeshakufa zamani. Baadhi ya printa za picha zina hata weusi wawili, mmoja wa karatasi ya kawaida na mwingine wa karatasi ya picha, na huo wa pili hauguswi hadi uchague karatasi ya picha.

Kwa hiyo chapa ukurasa wa majaribio wa printa yenyewe, ule unaoitwa `Nozzle Check` kwenye menyu ya matengenezo. Huo hurusha wino kwa kila tundu la kila rangi, hutumia wino kidogo sana, na hapo hapo unakuonyesha kama kuna tundu lililonyamaza. Ukitaka kusukuma wino zaidi kidogo, tengeneza ukurasa wenye mistari minne minene, kila mmoja upana wa sentimita mbili na urefu wa kumi: `#00FFFF`, `#FF00FF`, `#FFFF00` na `#000000`. Chapa kwa ubora wa juu, maana ubora wa chini hurusha wino kidogo. Mistari hiyo haihakikishi kila tundu kama `Nozzle Check` inavyofanya, lakini huvuta wino mpya kutoka kwenye tangi hadi kichwani.

Njano ndiyo rangi ya kuangalia kwa makini, kwa sababu kwenye karatasi nyeupe macho hayaoni pengo lake. Zima taa ya chumba, fungua picha ya buluu tupu kwenye simu, kisha mulika karatasi kwa kioo cha simu hiyo. Chini ya mwanga wa buluu mistari ya njano huonekana myeusi, na pengo hata la mstari mmoja linajitokeza.

Kama unaiacha kwa miezi

Tuchukue mfano: printa ya matangi yenye rangi nne, itakaa miezi minne bila mtu wa kuigusa. Kazi ya kuiandaa ni ya nusu saa hivi. Ifanye siku moja au mbili kabla ya kuondoka, ili kukiwa na tatizo ubaki na muda wa kulirekebisha.

1. Angalia matangi. Wino usiwe chini ya alama ya chini kabisa, kwa sababu hewa ikiingia kwenye mirija itakusumbua zaidi ya wino mkavu. Jaza hadi katikati au juu kidogo ya hapo, funga vifuniko vya matangi vizuri. Usimwage wino nje wala kuacha matangi matupu kwa kudhani kwamba kisichokuwepo hakiwezi kukauka. Utando wa wino unaobaki kichwani na kwenye mirija ndio hukauka haraka kuliko wino uliojaa. Kwa printa za katriji zenye kichwa kwenye mashine ni hivyo hivyo: katriji zibaki mahali pake.

2. Chapa `Nozzle Check`. Mistari yote iwe kamili. Pengo dogo ambalo leo lingeondoka kwa usafishaji mmoja, baada ya miezi minne litakuwa limeganda. Kama lipo, endesha `Head Cleaning` mara moja, chapa tena, uone.

3. Safisha kingo za kifuniko. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Anza kuchapa ukurasa wowote, na kichwa kikishaondoka pembeni, chomoa waya wa umeme. Ni mara moja tu ambapo kuchomoa namna hiyo kuna faida, kwa sababu sasa kichwa hakijafungwa na unaweza kukisukuma taratibu kwa kidole kwenda upande wa pili. Kikiwa bado pembeni kimefungwa, usikilazimishe. Kuna kufuli ndogo inayokishika na huvunjika.

Mulika kwa tochi pale kilipokuwa kimeegeshwa. Utaona kifuniko cha mpira, mstatili mdogo wenye sponji iliyolowa wino mweusimweusi, na kando yake kipande chembamba cha mpira kinachofuta uso wa kichwa. Kwenye printa iliyotumika mwaka mzima, kingo za kifuniko huwa na ukoko wa wino uliochanganyika na vumbi la karatasi, wakati mwingine unywele mmoja umelala juu yake. Unywele huo unatosha kuinua mpira na kuacha upenyo. Lowesha kijiti cha pamba kwa maji yaliyokenekwa, pitisha kwenye kingo zote nne, badilisha kijiti, rudia hadi kisitoke tena na uchafu. Futa na kile kipande chembamba. Chunguza usiache nyuzi za pamba.

Maji yawe yaliyokenekwa kweli, yale yasiyo na chumvi yoyote. Ukinunua yanayouzwa kwa ajili ya betri, soma chupa uhakikishe ni maji matupu na wala si asidi. Maji ya bomba huacha madini yake yakikauka, na madini hayo hayayeyuki kama wino.

4. Dondosha matone matatu au manne ya maji hayo kwenye sponji ya kifuniko. Isifurike. Rudisha kichwa mahali ulipokikuta, funga printa, chomeka umeme, washa. Huenda pampu ikanyonya sehemu ya maji inapoamka, na hilo halina ubaya. Sponji itabaki na unyevu, na njia ya pampu itakuwa imesuuzwa.

5. Chapa `Nozzle Check` ya mwisho. Ikiwa kamili, izime kwa kitufe chake, subiri taa izime, kisha fungua mfuniko na hakikisha kwa macho kwamba kichwa kipo pembeni kabisa. Sasa chomoa umeme. Kama mashine yako ina kufuli ya usafirishaji inayobana mirija ya wino, ifunge ikiwa tu printa itahamishwa, na uandike karatasi ya kukumbusha kuifungua. Kuchapa huku kufuli imefungwa kunakausha kichwa kwa kuwa wino haufiki.

6. Toa karatasi kwenye trei, funga trei zote, ifunike kwa kitambaa safi. Mfuko wa plastiki nao unazuia vumbi, lakini mahali penye unyevu mwingi hufungia majimaji ndani, na vyuma vikaanza kutu.

7. Iweke juu ya kitu kilicholala sawa, mahali ambapo jua halifiki na joto halipandi. Nyuzi 15 hadi 30 za Selsiasi zinafaa. Juu ya kabati karibu na dari ni pabaya kwa sababu joto hupanda huko. Isiegemezwe ubavu wala kusimamishwa, maana wino wa matangi utavuja au utaingiza hewa kwenye mirija.

Tarehe ya kuifunga iandike kwenye kipande cha karatasi ubandike juu yake. Kama kuna mtu anayepita nyumbani, mwombe awashe printa mara moja kwa mwezi na achape `Nozzle Check` kutoka kwenye vitufe vya mashine, haihitaji kompyuta. Mtu huyo mmoja ana faida kuliko hatua zote saba, mradi aelezwe kuzima kwa kitufe.

Printa ambazo kichwa kiko kwenye katriji

Utazitambua kwa kuangalia chini ya katriji: kuna kibamba kidogo cha rangi ya dhahabu au shaba chenye safu za vitobo, na pembeni yake viunganishi vya umeme. Hapa matundu yakiziba umepoteza katriji tu, mashine ni salama. Mahali pazuri pa kuzihifadhi ni ndani ya printa, zikiwa zimeegeshwa kwenye kifuniko chake. Ukilazimika kuzitoa, ziweke kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha hewa, kibamba kikiangalia juu na kisiguse kitu. Ushauri wa kuzilaza juu ya karatasi yenye maji nauona mbaya kwa katriji ya rangi tatu: karatasi hunyonya wino, rangi zinachanganyika mdomoni, na ukichapa njano inatoka kijani.

Siku ya kuiamsha

Iache printa ikae chumbani saa kadhaa kama ilikuwa imehamishwa. Iwashe, chapa `Nozzle Check` kabla ya usafishaji wowote. Wengi huanza na `Head Cleaning` kwa woga, na wino unaomwagika hapo pengine haukuhitajika.

Karatasi ikiwa kamili, chapa ule ukurasa wa mistari minne na uendelee na kazi zako. Ikiwa na mapengo, iweke pembeni, safisha mara moja, chapa ya pili, kisha zilinganishe hizo mbili bega kwa bega. Hapa ndipo jibu lilipo. Mapengo yakibaki mahali pale pale, matundu yale yameziba kwa wino mkavu. Mapengo yakihama, yaani mstari uliokosekana mwanzo umerudi na mwingine jirani umepotea, hiyo ni hewa ndani ya kichwa, na kuendelea kusafisha kunaweza kuvuta hewa zaidi.

Kwa hali zote mbili, usizidishe usafishaji mara tatu mfululizo. Baada ya wa tatu, zima kwa kitufe na uiache saa 12. Wino mpya uliofika nyuma ya ule uliokauka unaulainisha polepole, na viputo vya hewa vinapata muda wa kupanda. Nimeona printa iliyokataa jioni ikachapa vizuri asubuhi bila kuguswa. Kumbuka pia kwamba kila usafishaji unajaza pedi ya wino taka, na printa inahesabu. Hesabu ikifika ukomo mashine inagoma hadi pedi ibadilishwe. Ule usafishaji mkubwa unaoitwa `Power Cleaning` kwenye baadhi ya printa za matangi hunyonya wino mwingi zaidi, kwa hiyo uuendeshe mara moja tu, matangi yakiwa na angalau theluthi ya wino, na uwe wa mwisho.

Kuna dalili moja inayopotosha: kila ukisafisha, mapengo yanaongezeka. Hapo mshukiwa ni kifuniko au pampu. Usafishaji hufanyika kwa pampu kunyonya wino kupitia kifuniko, na kifuniko kikivuja, pampu inanyonya hewa ya chumbani. Kipimo chake ni rahisi. Sogeza kichwa kama ulivyofanya kwenye hatua ya 3, jaza kifuniko kwa maji yaliyokenekwa hadi karibu na ukingo, rudisha kichwa, washa, endesha usafishaji mmoja, kisha sogeza kichwa uangalie. Maji yakiwa yamekwisha, pampu ni nzima na mrija wake uko wazi, kwa hiyo mapengo yakizidi kuongezeka shuku kingo za kifuniko. Yakiwa bado yapo, au mrija wa chini umeziba au pampu imeharibika, na hakuna idadi ya usafishaji itakayosaidia hadi hilo lirekebishwe.

Kama pampu ni nzima na mapengo hayasogei, loweka. Kunja kitambaa kisichoacha nyuzi kiwe na upana wa kichwa, kiloweshe kwa maji yaliyokenekwa ya uvuguvugu, kilaze kwenye njia ya kichwa na usogeze kichwa juu yake, kiguse bila kukandamizwa. Kiache saa kadhaa, au usiku kucha kwa ulioganda sana, umeme ukiwa umechomolewa. Asubuhi kitambaa kitakuwa na alama za rangi. Rangi ambayo haikuacha alama ndiyo bado imefungwa. Kitoe kitambaa kabla ya kuwasha. Sindano, pini na kusukuma maji kwa bomba la sindano kwa nguvu viache: nguvu hiyo huharibu kichwa kwa ndani, na baada ya hapo hata wino ukitoka, rangi zinaingiliana.

Raundi mbili za kuloweka na kupumzisha zikishindwa kurudisha hata mstari mmoja, kichwa hicho kinahitaji kubadilishwa. Ulizia bei yake kabla ya kununua wino mwingine wa kukijaribia.